Msiba Nyumbani, Kodi Marekani: Barua ya Kuomba Kufutiwa Adhabu

Mtu wetu anayeishi Marekani akifiwa mwezi wa Machi au Aprili huangukiwa na mambo mawili kwa mpigo: maziko na ritani ya kodi. Maziko hayangoji, kwa hiyo ritani ndiyo inayowekwa kando. Anakata tiketi, anasafiri, anakaa na wenzake msibani, na anaporudi tarehe 15 Aprili imeshapita. Anawasilisha ritani yake kwa kuchelewa, analipa kodi aliyodaiwa, na baada ya wiki kadhaa anapokea bahasha ya IRS, ile mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ikimwambia kwamba bado anadaiwa adhabu ya kuchelewa.

Wengi hulipa kimya kimya. Wengine huandika barua ndefu ya majonzi, wakaeleza jinsi marehemu alivyokuwa nguzo ya ukoo, na jibu likarudi kwamba ombi limekataliwa. Wote wawili wanapoteza haki ambayo sheria imewapa. Kifungu cha 6651 cha sheria ya kodi ya Marekani, ndicho hichohicho kinachoweka adhabu, kinasema kwamba adhabu haitatozwa iwapo mlipakodi ataonyesha kuwa alichelewa kwa sababu ya msingi na si kwa uzembe wa makusudi. Kifo katika familia kimo katika sababu ambazo mwongozo wa maofisa wa IRS unazitaja kwa jina.

Neno zito hapo ni "ataonyesha". Ofisa anayesoma barua hawezi kupima uchungu wa mfiwa, wala hajaagizwa kuupima. Anachopima ni tarehe: kifo kilitokea lini, kilimzuiaje huyu mtu kufanya kazi yake ya kodi, na kizuizi kilipokwisha alichukua muda gani kuikamilisha. Barua inayofanikiwa ni ile inayomwekea mbele tarehe hizo zikiwa zimefuatana, kila moja na karatasi yake.

Adhabu ni zipi na zinahesabiwaje

Kwanza mtu ahakikishe kama kweli anadaiwa. Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ritani hukatwa kutoka kwenye kodi ambayo haijalipwa. Aliyekatwa kodi ya kutosha kwenye mshahara wake, na ambaye ritani inaonyesha atarudishiwa fedha, hana adhabu hiyo hata akichelewa. Wafiwa wengi walioajiriwa wamo katika kundi hili na hawana sababu ya kukosa usingizi. Hatari yao ni moja tu, nayo ni kukaa zaidi ya miaka 3 bila kuwasilisha, kwa kuwa hapo hupoteza fedha zao za kurudishiwa.

Wanaoumia ni wale wanaojiajiri: madereva wa teksi za mtandaoni, wasusi, wasafishaji wa majumba, wenye malori. Hao hawakatwi kodi na mwajiri, na mara nyingi hufika Aprili wakiwa na deni.

Kwa mwenye deni, adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ni asilimia 5 ya kodi isiyolipwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hadi kufikia asilimia 25. Iko nyingine ya kuchelewa kulipa, ambayo ni nusu ya asilimia 1 kwa mwezi. Zikikutana katika mwezi mmoja, ile kubwa hupunguzwa kwa kiasi cha ile ndogo, hivyo jumla yake haizidi asilimia 5 kwa mwezi huo. Ritani ikichelewa zaidi ya siku 60, kunakuwa na kiwango cha chini kabisa cha adhabu. Kwa ritani zilizotakiwa mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 510, au kodi yote anayodaiwa mtu ikiwa ni chini ya hapo. Maana yake ni kwamba mtu mwenye deni dogo la dola 800, ambaye adhabu yake ya miezi 3 isingezidi dola 120, akivuka siku ya 60 hujikuta na adhabu ya dola 510. Kwa hiyo mfiwa aliyerudi kutoka msibani siku ya 50 ana sababu ya kuharakisha.

Tuchukue mfano ili hesabu ionekane. Ni mfano wa kutunga, lakini kila kilichomo hutokea. Msusi mmoja anayeishi Columbus, Ohio, mzaliwa wa Tanga, anadaiwa kodi ya dola 3,600 kwa mwaka 2024. Mama yake anafariki Tanga tarehe 2 Aprili 2025. Anaondoka kesho yake, anafika tarehe 5 na kukuta mama ameshazikwa. Nyumbani yupo baba aliyepooza kwa kiharusi, ambaye alikuwa akiuguzwa na marehemu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Kikao cha ukoo kinakaa tarehe 13 Aprili na kumwachia kazi ya kumtafutia baba mtu wa kumuuguza na kusimamia mambo ya nyumba mpaka arobaini. Arobaini inasomwa tarehe 11 Mei. Anarudi Columbus tarehe 14 Mei, anawasilisha ritani tarehe 30 Mei na kulipa kodi yote siku hiyohiyo.

Amechelewa siku 45, yaani mwezi mmoja na sehemu ya mwezi wa pili, na kwa hesabu ya IRS hiyo ni miezi 2. Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ni asilimia 10, ukitoa asilimia 1 ya ile nyingine inabaki 9, nayo ni dola 324. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni dola 36. Jumla ni dola 360, ukiacha riba. Notisi inayomjia inaitwa CP14, na namba hiyo huandikwa kwenye kona ya juu ya karatasi.

Kuna njia fupi, ijaribiwe kwanza

Kabla hajashika kalamu, msusi wetu anapaswa kujiuliza kama anastahili msamaha wa mara ya kwanza. IRS humwondolea adhabu mtu ambaye kwa miaka 3 ya nyuma amewasilisha ritani zake zote na hakuwa na adhabu, au alikuwa nayo ikaondolewa kwa sababu nyingine isiyokuwa msamaha huohuo.  Msamaha huu hauhitaji cheti cha kifo wala maelezo yoyote ya msiba. Mara nyingi simu moja kwenye namba iliyoandikwa kwenye notisi inatosha, na kwa wasiojiweza kwa Kiingereza IRS hutoa mkalimani bila malipo.

Msamaha huo ukishatumika, haupatikani tena mpaka miaka mingine 3 safi ipite. Ulioondolewa kwa sababu ya msingi, kama kifo, hauchafui rekodi kwa namna hiyo. Hata hivyo, maofisa hutazama kwanza kama mtu anastahili ule wa mara ya kwanza, na wakikuta anastahili humpa huo hata kama ameomba kwa sababu ya msiba. Kwa mwenye rekodi safi, basi, mlango mfupi ndio utakaofunguka.

Tuseme msusi wetu alikuwa na adhabu ya mwaka 2022 ambayo aliilipa. Njia fupi imefungwa kwake. Imebaki barua.

Maswali anayotafutia majibu ofisa

Maofisa wa IRS hufuata kitabu cha mwongozo, na sehemu yake ya 20.1.1 inahusu kuondoa adhabu. Humo, chini ya kifo, ugonjwa mkubwa na kutokuwepo kusikoepukika, ofisa anaelekezwa atafute mambo haya: uhusiano wa mlipakodi na marehemu, tarehe ya kifo, tarehe na sababu za kutokuwepo kwake, jinsi tukio lilivyomzuia kutimiza wajibu, kama shughuli zake nyingine nazo ziliathirika, na kama alishughulikia kodi mapema baada ya kifo au baada ya kurudi.

Kati ya hayo, mawili ndiyo yanayoangusha barua nyingi.

La kwanza ni hilo la shughuli nyingine. Ofisa anajiuliza: huyu aliyeshindwa kuwasilisha ritani, je, aliendelea kusuka wateja, kulipa bili zake na kupokea fedha kama kawaida? Ikiwa biashara iliendelea kama kawaida na kodi peke yake ndiyo iliyosahaulika, msiba unaonekana kama kisingizio. Msusi wetu lazima aonyeshe kwamba kiti chake cha saluni kilikuwa kitupu, wateja walifutiwa miadi, na akaunti yake ya benki haikuingiza kitu kuanzia tarehe 3 Aprili hadi alipofungua tena tarehe 19 Mei. Ikiwa kuna fedha iliyoingia katika kipindi hicho, labda mteja amelipa deni la zamani, aieleze mwenyewe kabla hajaulizwa.

La pili ni muda baada ya kurudi. Sheria inampa mfiwa nafasi ya kuchelewa kwa kadiri msiba ulivyomzuia, haimpi mwaka mzima. Siku 16 kati ya kutua Columbus na kuwasilisha ritani zinaeleweka ikiwa amesema alizitumia kukusanya risiti na taarifa za benki. Miezi 5 haieleweki. Kuna watu waliofiwa Machi, wakarudi Aprili, wakawasilisha Oktoba, na cheti cha kifo walichoambatisha hakikuwasaidia kwa sababu hakikujaza pengo la kiangazi kizima. Mwenye pengo refu lazima liwe na maelezo yake na ushahidi wake, kwa mfano daktari aliyemtibu kwa msongo uliofuata baada ya kifo.

Suala la uhusiano nalo linahitaji uangalifu kwetu sisi. Mwongozo unapotaja familia ya karibu unataja mume au mke, ndugu wa kuzaliwa, wazazi, babu na bibi, na watoto. Mama mdogo aliyekulea tangu ukiwa na miaka 4 hamo kwenye orodha hiyo. Usimwandike kama mama mzazi kwa kuwa ndivyo ulivyomwita maisha yako yote. Cheti cha kuzaliwa kina jina jingine, na ofisa akiona majina hayalingani atashuku barua nzima. Andika kwamba alikuwa dada wa mama yako, kwamba alikulea tangu mwaka fulani, na uambatishe kinachothibitisha: fomu ya shule yenye jina lake kama mlezi, faili la ukimbizi mlilosafiria pamoja, au barua ya serikali ya mtaa. Orodha ya mwongozo ni ya kuongoza, na ofisa anaweza kuzingatia mazingira mengine yote iwapo yameelezwa na kuthibitishwa.

Barua yenyewe

Barua iende kwa Kiingereza, kwa sababu itasomwa na mtu wa huko. Iwe ya ukurasa mmoja, isizidi mmoja na nusu. Hapa chini tunaiweka kwa Kiswahili ili kila msomaji aone inavyojengwa.

> *Kuhusu: Ombi la kuondolewa adhabu kwa sababu ya msingi. Fomu 1040, mwaka wa kodi 2024. Notisi CP14 ya tarehe 7 Julai 2025.*
>
> *Naomba niondolewe adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ritani, dola 324, na adhabu ya kuchelewa kulipa, dola 36, pamoja na riba iliyohesabiwa juu ya adhabu hizo. Nilichelewa kwa sababu ya kifo cha mama yangu mzazi, kilichotokea Tanga, Tanzania, tarehe 2 Aprili 2025, siku 13 kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha.*
>
> *Niliondoka Columbus tarehe 3 Aprili na kufika Tanga tarehe 5 Aprili (Kiambatisho B). Mama yangu ndiye aliyekuwa akimuuguza baba yangu, ambaye amepooza kwa kiharusi (Kiambatisho D). Mimi ni mtoto wao wa kwanza. Tarehe 13 Aprili kikao cha familia kilinikabidhi jukumu la kumpatia baba mwangalizi na kusimamia mambo ya nyumba hadi siku ya 40 baada ya kifo, ambayo katika jamii yetu ni siku rasmi ya kumaliza maombolezo, na mtoto mkubwa hutakiwa kuwepo (Kiambatisho C). Siku hiyo ilikuwa tarehe 11 Mei. Nilirudi Columbus tarehe 14 Mei.*
>
> *Najiajiri kama msusi na ritani yangu huiandaa mwenyewe. Risiti na kumbukumbu zote za mwaka 2024 zilikuwa kwenye karatasi nyumbani kwangu Columbus, ambako hakuna mtu mwingine anayeishi. Nilikuwa nimepanga kuiandaa wiki ya pili ya Aprili. Sikuomba nyongeza ya muda kwa sababu kati ya tarehe 2 na 15 Aprili nilikuwa safarini na msibani, nikimhudumia baba usiku na mchana. Katika kipindi hicho sikufanya kazi yoyote: wateja wangu walifutiwa miadi, na kodi ya pango ya mwezi wa Mei niliilipa kwa kuchelewa (Kiambatisho E).*
>
> *Baada ya kurudi nilikusanya kumbukumbu zangu, nikawasilisha ritani tarehe 30 Mei, siku 16 baada ya kufika, na kulipa kodi yote ya dola 3,600 siku hiyohiyo.*
>
> *Natamka, nikijua kwamba kutoa kiapo cha uongo ni kosa lenye adhabu, kuwa maelezo haya ni ya kweli na sahihi kwa kadiri ninavyojua.*

Tuitazame ilivyokaa. Aya ya kwanza inataja adhabu kwa majina na kiasi, kwa hiyo ofisa hahitaji kutafuta anaombwa nini. Aya ya pili ni kalenda. Arobaini imeelezwa kwa maneno machache, maana anayesoma huenda hajawahi kuisikia, na isipoelezwa ataona mtu aliyekaa mwezi mzima mapumzikoni baada ya mazishi. Baba mgonjwa ndiye anayebeba uzito wa hoja, kwa kuwa kazi ya kumuuguza ndiyo iliyomshika huyu mtoto mkono siku ya tarehe 15.

Aya ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayorukwa na wengi. Kila ofisa anajua kwamba mtu anaweza kuomba nyongeza ya miezi 6 kwa Fomu 4868, na kwamba inatolewa bila kuulizwa sababu. Kwa hiyo swali la "mbona hukuomba?" limo kichwani mwake tangu mstari wa kwanza. Msusi wetu halikwepi. Hasemi kwamba hakuijua sheria, kwa kuwa kutoijua peke yake ni hoja dhaifu. Anasema alikuwa wapi na anafanya nini katika zile siku 13.

Mstari wa mwisho wa tamko nao haupambi barua. Kanuni za kodi zinataka maelezo ya sababu yatolewe kwa maandishi na chini ya tamko kama hilo. Barua isiyo nalo inaweza kuwekwa kando.

Viambatisho na karatasi za nyumbani

Cheti cha kifo ni Kiambatisho A, na hapo ndipo watu wetu hukwama, kwa sababu cheti huchelewa. Tanzania Bara hutolewa na RITA, na familia huweza kukaa miezi kabla ya kukifuatilia. Kibali cha mazishi na taarifa ya hospitali hupatikana mapema zaidi, na vina jina la marehemu na tarehe. Ambatisha hivyo kwanza, na useme kwamba cheti kinafuatiliwa na kitatumwa. Anayetoka Kongo au Burundi atakuwa na karatasi za Kifaransa. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza itafsiriwe, na mtafsiri aweke jina, saini na maelezo mafupi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji kiwekwe pamoja, maana cheti cha kifo peke yake hakionyeshi kwamba marehemu alikuwa mama yake.

Kiambatisho B ni tiketi za ndege na kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka. Mihuri ina nguvu kuliko tiketi, kwa sababu tiketi inaweza kununuliwa na isitumike. C ni muhtasari wa kikao cha ukoo, ule uleule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo wakati wa kufungua mirathi. Una tarehe, majina na saini za waliohudhuria, na kwa mfiwa aliyeko ughaibuni huwa ni ushahidi mzuri kwamba siku fulani alikuwa pale na alikabidhiwa kazi. D ni cheti cha daktari wa baba. E ni taarifa ya benki ya Aprili na Mei, ujumbe wa kufuta miadi ya wateja, na stakabadhi ya pango iliyochelewa. Zote ziwe nakala. Vyeti halisi visitumwe kamwe.

Picha za mazishi, mabango yenye sura ya marehemu na barua za rambirambi hazihitajiki. Zinaongeza unene wa bahasha na kumficha ofisa zile tarehe anazozitafuta.

Hoja zinazoonekana nzuri na kumbe hazifai

Hoja inayowaponza wengi ni ile ya "nilimwachia mhasibu". Mahakama ya Juu ya Marekani ililimaliza jambo hili mwaka 1985 katika kesi ya Boyle, na yenyewe ilizaliwa na msiba. Robert Boyle alifiwa na mama yake Septemba 1978 akawa msimamizi wa mirathi. Alimkabidhi wakili kazi ya ritani ya kodi ya mirathi, akawa anampigia simu mara kwa mara kuuliza maendeleo. Ofisini kwa wakili tarehe ya mwisho haikuandikwa kwenye kalenda, na ritani ikachelewa takriban miezi 3. Adhabu ilikuwa dola 17,124.45. Mahakama ilisema kwamba kujua tarehe ya mwisho na kuizingatia hakuhitaji utaalamu, kwa hiyo wajibu huo hauhamishiki kwa mtu mwingine. Mfiwa anayeandika kwamba mwandaaji wake wa kodi alimsahau amejifungia mlango mwenyewe. Aeleze kwa nini yeye hakuweza, basi.

Nyingine ni ya kuwa nje ya nchi. Watu wamesikia kwamba aliye nje ya Marekani tarehe 15 Aprili ana miezi 2 ya ziada. Nafasi hiyo ni ya mtu ambaye makazi yake na kituo chake cha kazi viko nje. Aliyekwenda kuzika na kurudi hahesabiwi humo.

Ya tatu ni ya kutokuwa na fedha. Kukosa fedha hakumzuii mtu kuwasilisha ritani, kwa sababu kuwasilisha ni bure. Kunaweza kugusa adhabu ya kuchelewa kulipa tu, na hata hapo ofisa atataka kuona fedha zilikwenda wapi: nauli ya dharura, gharama za hospitali, maziko.

Kutuma, kungoja na kukata rufaa

Barua itumwe kwenye anwani iliyoandikwa kwenye notisi, pamoja na nakala ya notisi hiyo, kwa posta ya rejesta yenye stakabadhi ya kupokewa. Anayependa fomu, au aliyekwisha kulipa adhabu na anataka arudishiwe, atumie Fomu 843 na kuiambatisha barua. Kodi yenyewe ilipwe bila kungoja majibu. Riba ya kodi haiondolewi kwa sababu ya msiba. Inayoondoka ni riba ya juu ya adhabu, na hiyo huondoka adhabu ikifutwa. Ohio na majimbo mengine mengi yana ofisi zao za kodi na adhabu zao, kwa hiyo barua ya IRS haifiki huko. Iandikwe nyingine.

Majibu huweza kuchukua miezi. Ombi likikataliwa, barua ya kukataa hueleza haki ya rufaa, na kwa kawaida hutoa siku 30. Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa, kwa kuwa rufaa inasikilizwa na ofisi huru ndani ya IRS isiyo ile iliyokataa, na ofisa wa rufaa anaruhusiwa kupima uzito wa ushahidi upya. Ndipo cheti cha kifo kilichochelewa kinapowasili kwa wakati wake. Mwenye kipato kidogo anaweza kusaidiwa na kliniki za walipakodi wa kipato cha chini. Hizo hazimo ndani ya IRS, husimamia kesi bure au kwa ada ndogo, na nyingi huwahudumia wasiozungumza Kiingereza. Orodha yake iko kwenye chapisho namba 4134 la IRS.

Kwa atakayefiwa Aprili ijayo, kazi nyepesi zaidi ni ile inayofanyika kabla ya tarehe 15. Nyongeza ya miezi 6 inaweza kupatikana kwa simu ya mkononi: ukilipa hata sehemu ya kodi unayokadiria kwenye tovuti ya IRS na kuchagua kwamba malipo hayo ni ya nyongeza ya muda, umeshaipata bila kujaza fomu. Haiongezi muda wa kulipa, lakini inaondoa adhabu ile ya asilimia 5, ambayo ni mara 10 ya nyingine. Mfiwa mwenyewe huenda asikumbuke, lakini shemeji au rafiki aliyebaki Columbus anaweza kumkumbusha. Na ikiwa tarehe imeshapita, basi kabla hajaondoka msibani apige picha kibali cha mazishi, achukue nakala ya muhtasari wa kikao, amwombe daktari wa mgonjwa cheti, na amwachie mmoja wa nduguze kazi ya kufuatilia cheti cha kifo. Karatasi hizo zinapatikana kwa nusu siku akiwa Tanga. Akishafika Columbus, huchukua miezi.